Kumjengea Mfanyabiashara Mdogo Duka la Mtandaoni

Duka la mtandaoni ni tovuti inayoonyesha bidhaa na bei zake, inayopokea oda na kukusanya malipo bila muuzaji kukaa mbele ya mteja. Kwa mfanyabiashara mdogo, kuisimamisha tovuti yenyewe ndiyo sehemu fupi ya kazi. Fundi mzoefu huimaliza kwa siku moja au mbili. Kinachokula wiki ni kuandaa orodha ya bidhaa isiyo na makosa, kuunganisha malipo yasiyodanganya, na kumfikisha mwenye duka mahali ambapo anaweza kubadilisha bei usiku wa kuamkia Idi bila kumpigia fundi simu.

Mfano unaofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni duka la leso la aina ile inayopatikana Mtaa wa Biashara, Mombasa. Tuseme lina miundo 40 ya leso, kila muundo una rangi tatu kwa wastani, na doti moja huuzwa shilingi 700 za Kenya. Duka limezoea kuuza mezani na kwa WhatsApp: mteja hutumiwa picha, huchagua, hutuma pesa, na mzigo hupandishwa bodaboda au basi. Utaratibu huo hauna ubaya mpaka wateja wazidi. Hapo muuzaji hushinda akijibu "Ni bei gani?" na "Ile ya bluu bado ipo?", na duka la mtandaoni hujengwa hasa ili maswali hayo mawili yajijibu yenyewe.

Njia za kulijenga ni mbili. Ya kwanza ni kukodi duka lililo tayari, kama Shopify, ambalo hulipiwa kila mwezi na ambalo malipo ya M-Pesa hulazimika kupitia kampuni ya kati. Ya pili ni kuweka WooCommerce juu ya WordPress. WooCommerce ilitoka mwaka 2011, na tangu 2015 iko chini ya kampuni ya Automattic. Programu yenyewe ni ya bure. Kinacholipiwa ni jina la tovuti, nafasi kwenye seva, na kazi ya fundi. Duka la leso linalotegemea M-Pesa hufaidika zaidi na njia hii ya pili, kwa kuwa linaweza kuunganishwa na Safaricom moja kwa moja, ingawa matunzo yake ni mengi kuliko ya duka la kukodi.

Kabla ya kitu chochote kuwekwa, huamuliwa mali ni ya nani. Jina la tovuti linaloishia na .co.ke husajiliwa kwa jina, barua pepe na nambari ya simu ya mwenye duka, na akaunti ya seva vivyo hivyo, hata kama fundi ndiye atakayejaza fomu. Mafundi wengi husajili kila kitu kwa barua pepe zao ili kazi iende haraka. Madhara huonekana baada ya mwaka: ilani ya kulipia jina upya hutumwa kwa fundi ambaye amebadilisha kazi, jina hukatika, na mwenye duka hana hata pa kuanzia kulidai. Kwa hiyo makabidhiano, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa jambo la siku ya mwisho, huanza siku hiyo ya kwanza.

Kazi ya bidhaa huanzia rafuni. Kila muundo hupewa msimbo mfupi, kwa mfano L014, na kila rangi ya muundo huo msimbo wake, L014-BLU au L014-NYE. Herufi ya mwanzo si pambo: msimbo ulioandikwa 014 tu, ukifunguliwa katika Excel, hugeuka kuwa 14, na faili haitambui tena bidhaa yake. Msimbo huo huo huandikwa kwenye kijikaratasi kinachobanwa kwenye doti, ili anayefunga mzigo asitegemee macho peke yake kutofautisha bluu mbili zinazokaribiana.

Picha hufuata, na kwa leso picha ndiyo bidhaa. Mteja anataka kuona vitu vitatu: pindo, mji, na jina lililochapwa. Picha moja ya leso iliyotandazwa yote huonyesha pindo na mji lakini jina halisomeki kwenye skrini ya simu; kwa hiyo kila rangi hupigwa picha mbili, moja ya leso nzima na nyingine ya karibu inayosomeka jina. Mwanga wa dirishani asubuhi, bila taa ya simu, huhifadhi rangi vizuri zaidi kuliko taa za dukani, ambazo huifanya nyeupe ionekane ya manjano. Picha zihamishwe kutoka kwenye simu kwa waya na si kwa WhatsApp, ambayo huzipunguza ubora, kisha zikatwe ziwe mraba wa pikseli 1,000 kwa 1,000 na zisizidi kilobaiti 200 kila moja. Picha ikiachwa kama ilivyotoka kwenye simu huwa na megabaiti tatu au nne, na mteja anayetumia bando hatasubiri ukurasa wa picha 20 za namna hiyo. Kwa rangi 120, kazi ya kutandaza, kupiga na kukunja ikichukua dakika 5 kwa kila rangi, ni saa 10 nzima. Bei ya fundi isiyotaja nani atakayezifanya saa hizo huzaa ugomvi.

Baada ya hapo bidhaa hupandishwa. Kuzijaza moja moja kwenye fomu ya tovuti kunawezekana kwa bidhaa kumi; kwa 120 hutumika jedwali linalohifadhiwa kama faili ya CSV. Muundo wenye rangi mbalimbali huitwa `variable`, na kila rangi yake ni `variation` inayoelekeza kwa mzazi wake:

```
Type,SKU,Name,Stock,Regular price,Parent,Attribute 1 name,Attribute 1 value(s)
variable,L014,Leso ya korosho,,,,Rangi,"Bluu, Nyekundu"
variation,L014-BLU,Leso ya korosho,6,700,L014,Rangi,Bluu
variation,L014-NYE,Leso ya korosho,2,700,L014,Rangi,Nyekundu
```

Mstari wa kwanza wa leso hauna bei wala idadi, kwa sababu mzazi hauzwi; zinazouzwa ni rangi zake. Kosa la kawaida hapa ni tahajia. Mzazi akiandikiwa "Bluu" na mtoto "Blu", tovuti huzihesabu kuwa rangi mbili tofauti, na mteja hujikuta anachagua rangi ambayo haikubali kuingia kikapuni. Dalili yake ni ukurasa unaoonekana mzima lakini kitufe cha kununua hakiwaki. Jina la leso, yaani yale maneno yaliyochapwa, huwekwa katika maelezo mafupi kama lilivyo kwenye kitambaa, herufi kwa herufi, kwa sababu wateja wengi hutafuta leso kwa jina lake.

Swali linalotenganisha fundi anayeelewa biashara na asiyeielewa ni lile la kukata na kupinda. Leso huuzwa doti nzima, na baadhi ya wateja huomba ikatwe na kupindwa kabisa. Ni rahisi kuifanya hiyo kuwa chaguo la pili pamoja na rangi, "iliyopindwa" na "isiyopindwa". Ukifanya hivyo mistari 120 huwa 240, na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba doti ile ile moja iliyo rafuni huhesabiwa mara mbili. Duka litauza doti 6 za bluu zilizopindwa na 6 ambazo hazikupindwa, ilhali zilizopo ni 6 tu. Kitu hupewa hesabu yake kikiwa kinakaa peke yake rafuni. Kupinda ni huduma, basi huongezwa kama nyongeza ya shilingi kadhaa kwenye oda na haiguswi hesabu ya leso.

Hesabu yenyewe nayo ina mtego, kwa kuwa rafu moja inahudumia milango miwili. Doti ya mwisho inaweza kuuzwa mezani saa nne asubuhi na kununuliwa mtandaoni saa nne na dakika tano. Maduka makubwa hutatua jambo hili kwa mashine ya mauzo iliyounganishwa na tovuti. Kwa duka dogo, dawa ya bei nafuu ni kutenga rafu ya mtandao: zilizo huko hazigusiki mezani, na nambari iliyo kwenye tovuti ni ya rafu hiyo tu. Kuahidi kwamba msaidizi wa duka atapunguza nambari kwenye tovuti kila anapouza mezani ni kujidanganya. Siku ya soko atasahau.

Gharama ya kusafirisha hupangwa kwa maeneo. Kisiwani Mombasa huwa na bei moja ya bodaboda, pwani nyingine bei ya pili, na kaunti za bara bei ya kifurushi cha basi. Maeneo matatu au manne yanatosha.

Malipo yanahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, na mteja wa Kenya anatarajia kulipa kwa njia hiyo. Namna rahisi kabisa ni kuandika nambari ya kulipia kwenye ukurasa wa oda na kumwomba mteja alipe mwenyewe. Haigharimu kitu kuiweka, lakini wengine hukosea nambari, wengine hulipa pungufu, na mwenye duka hubaki akilinganisha ujumbe na oda moja baada ya nyingine. Namna iliyo bora ni ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu ya mteja, maarufu kama STK: mteja anaandika nambari yake kwenye tovuti, simu inamwonyesha jina la duka na kiasi, anaweka PIN tu.

Ombi hilo hupitia mfumo wa Safaricom uitwao Daraja. Mwenye duka hufungua akaunti hapo, hutengeneza programu, na kupewa `Consumer Key` na `Consumer Secret`. Akiruhusiwa kuanza kazi halisi hupata pia `Passkey` ya nambari yake ya biashara. Hizo ndizo funguo zinazowekwa kwenye tovuti. Majaribio hufanywa kwanza kwa nambari ya mazoezi 174379, ambayo haipeleki pesa dukani. Duka lenye nambari ya Paybill hutumia aina ya muamala `CustomerPayBillOnline`, na lenye Till hutumia `CustomerBuyGoodsOnline`. Mwenye Till ana nambari mbili, ya duka na ya Till yenyewe, na zikibadilishana mahali ombi hukataliwa hata kama funguo zote ni sahihi. Hilo ni jambo la kwanza la kuangalia pale majaribio yanapokubali na kazi halisi inagoma.

Kosa la hatari ni jingine. Tovuti inapotuma ombi, Safaricom hujibu mara mbili. Jibu la kwanza huja papo hapo likiwa na `ResponseCode` 0, na maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja bado hajaweka PIN. Jibu la pili huja baadaye kwenye anwani ya tovuti iliyoandaliwa kulipokea, likiwa na `ResultCode`: 0 ikiwa pesa zimelipwa, 1032 ikiwa mteja ameghairi, 1037 ikiwa simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Plagini iliyoandikwa vibaya husoma ile sifuri ya kwanza na kuihesabu oda kuwa imelipwa. Duka la namna hiyo linaweza kutuma leso wiki nzima kwa watu waliobonyeza kughairi.

Kulitambua ni rahisi. Hutengenezwa bidhaa ya majaribio ya shilingi 10, na hununuliwa mara tatu: mara moja kwa kulipa, mara ya pili kwa kughairi ombi kwenye simu, mara ya tatu simu ikiwa imezimwa. Ni oda ya kwanza pekee inayopaswa kuandikwa `Processing`. Ikiwa ya pili nayo imeandikwa hivyo, duka halifunguliwi.

Kinyume chake pia hutokea: mteja amelipa, lakini jibu la pili limepotea njiani, labda kwa sababu plagini ya ulinzi imelizuia au cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda. Oda hubaki `Pending payment`. WooCommerce, isipobadilishwa, hushikilia bidhaa ya oda ambayo haijalipwa kwa dakika 60, kisha huifuta oda na kuirudisha leso kwenye hesabu. Mteja aliyelipa hujikuta oda yake imefutwa, na hasira zake zina haki. Mwenye duka anapopigiwa simu ya namna hiyo, huomba ule msimbo wa herufi na tarakimu 10 ulio kwenye ujumbe wa M-Pesa na kuutafuta kwenye taarifa ya akaunti yake ya biashara. Akiuona huko, huirudisha oda kwa mkono. Picha ya ujumbe iliyotumwa kwa WhatsApp haihesabiwi kuwa uthibitisho, kwa kuwa ujumbe huandikwa na yeyote mwenye simu.

Wateja wa Muscat au London hulipa kwa kadi, na kwa hao huongezwa kampuni ya kati kama Pesapal, ambayo hukata asilimia ya kila mauzo. Asilimia hiyo iingizwe kwenye bei mapema. Ikumbukwe pia kwamba malipo ya kadi yanaweza kudaiwa na benki ya mteja wiki nyingi baadaye, ndiyo maana risiti ya kusafirisha huhifadhiwa kwa kila mzigo unaokwenda nje. Kulipa wakati wa kupokea kunafaa ndani ya Mombasa peke yake. Kwa mzigo wa basi, mteja asipotokea kuuchukua, duka hulipia safari mbili.

Mafunzo ya makabidhiano hushindwa kwa sababu moja kuliko zote: fundi ndiye anayeshika kipanya. Mwenye duka hutazama, hutikisa kichwa kukubali, na wiki inayofuata hakumbuki kitu. Mafunzo yanayoshika hufanywa kwenye kifaa atakachotumia kila siku, ambacho mara nyingi ni simu yenye programu ya WooCommerce, naye ndiye anayebonyeza huku fundi akiwa ameweka mikono mfukoni. Kazi za kujifunza ni chache: kupandisha leso mpya yenye rangi mbili kuanzia picha hadi bei, kubadilisha bei, kuondoa iliyokwisha, kuipeleka oda kutoka `Processing` hadi `Completed` baada ya mzigo kutoka, na kutafuta malipo yaliyopotea. Kila moja hufanywa siku ya kwanza na kurudiwa siku chache baadaye bila msaada. Pale anapokwama mara ya pili ndipo huandikwa maelekezo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye picha za skrini yake mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya vitufe anavyoviona ni vya Kiingereza na anavitambua kwa mahali vilipo.

Jambo moja hufundishwa kwa msisitizo: kurudisha pesa. Ndani ya oda kipo kitufe cha `Refund`, na kwa malipo yasiyounga mkono urejeshaji wa moja kwa moja huandikwa `Refund manually`. Kukibonyeza huandika kwenye kumbukumbu za duka kwamba pesa zimerudishwa, lakini hakitoi shilingi hata moja kwenye M-Pesa. Mwenye duka asiyeambiwa hivyo humhakikishia mteja kwamba pesa zimeshatumwa, na wote wawili huishia kuamini wametapeliwa. Pesa hutumwa kwanza kutoka kwenye akaunti ya biashara, na kitufe hubonyezwa baadaye.

Bei zikipanda kwa pamoja, jedwali lile la mwanzo hutumika tena. Bidhaa hushushwa kuwa faili, safu ya `Regular price` hurekebishwa, na faili hupandishwa ikiwa alama imewekwa kwenye kisanduku cha kusasisha bidhaa zilizopo. Bila alama hiyo, tovuti huruka kila msimbo inaoutambua, na bei hubaki za zamani. Kabla ya kupandisha, nakala ya faili ya awali huwekwa kando.

Akaunti ya kila siku ya mwenye duka na ya msaidizi wake huwekwa katika ngazi ya `Shop manager`, ambayo inaruhusu kushughulikia bidhaa na oda lakini hairuhusu kuweka wala kuondoa plagini. Akaunti ya `Administrator` huwa ya mwenye duka pia, ila huhifadhiwa kando na kutumiwa kwa nadra. Pamoja nayo hukabidhiwa nywila za jina la tovuti, seva, Daraja na lango la biashara la M-Pesa, pamoja na tarehe ambazo kila kimoja hulipiwa upya. Nakala rudufu ya tovuti nayo hujaribiwa kwa kurudishwa mahali pa majaribio, kwa kuwa ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama ni nzima. Na kila plagini inaposasishwa, ile bidhaa ya shilingi 10 hununuliwa tena.

Mkataba hutaja muda wa fundi kuendelea kusaidia, siku 30 kwa kawaida, na kutenganisha hitilafu na maombi mapya: malipo yaliyogoma ni hitilafu, ukurasa wa punguzo la Idi ni kazi mpya yenye bei yake. Muda huo ukiisha, nywila hubadilishwa na akaunti ya fundi hufutwa. Hapo WordPress huuliza yaliyomo ya mtumiaji huyo yafanyweje. Kwa kuwa fundi ndiye aliyepandisha picha za leso, zimeandikwa kwa jina lake, na anayechagua `Delete all content` huzifuta pamoja naye. Chaguo sahihi ni `Attribute all content to`, kisha jina la mwenye duka.